Cha Mtema Kuni Mbele ya Hakimu

Wiki iliyopita mliniacha nikishangilia. Ndoa ilikuwa imeshavunjika, shule niliyokuwa nikifundisha ilikuwa imeshafungwa, na nilikuwa nalala kwenye kochi la dada yangu, miguu ikining'inia nje. Halafu, kama mlivyosoma, nikapata kazi ya ukalimani mahakamani. Miezi mitatu ya majaribio.

Mlifurahi pamoja nami. Asanteni. Sasa ifuteni hiyo furaha, maana leo naungama.

Kwanza niwaeleze kichekesho cha kazi yenyewe. Katika chumba kile kila mtu anajua Kiswahili. Hakimu anakijua, mwendesha mashtaka anakijua, na askari wa mlangoni anatukania nacho. Lakini kumbukumbu za kesi huandikwa kwa lugha ya mahakama, na lugha ya mahakama si Kiswahili.

Kwa hiyo shahidi akisema Kiswahili, hakimu hajasikia kitu. Anakaa na kalamu juu, anamtazama shahidi kama anayetazama samaki. Mpaka niseme mimi. Nikisema, anaandika. Nilichosema ndicho kilichosemwa. Mwenyewe alichosema kimeishia hewani.

Bosi wangu, karani mkuu, tunamwita Mzee Mihuri kwa sababu ana mihuri kumi na moja na haazimishi hata mmoja. Siku ya kwanza alinipa mafunzo yote ya kazi akiwa amesimama.

"Mwalimu," aliniambia, maana aliposikia nilikuwa mwalimu hakuniita tena jina jingine, "shahidi akisema 'mimi nilimwona', na wewe sema 'mimi nilimwona'. Usiseme 'anasema alimwona'. Akitukana, tukana. Akijikanyaga, jikanyage. Usiongeze, usipunguze, usipambe."

"Na nikiwa nina jambo langu mwenyewe?"

"Unajiita 'mkalimani'. Unasema 'mkalimani anaomba shahidi arudie'. Lakini usiizoee njia hiyo. Aliyekutangulia alikuwa kila neno ana maelezo. Leo anauza vocha. Ripoti yako ya kwanza ya majaribio anaisaini huyu huyu hakimu, Ijumaa."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kesi ilikuja Jumatano.

Mshtakiwa alikuwa mama mmoja fundi cherehani, mjane, wa makamo, mwenye sauti ya kukemea hata anaposalimia. Alikuwa amekaa mahabusu wiki tatu kwa kukosa mdhamini. Binti zake wawili walikuwa kwa jirani. Shtaka: kutishia kuua. Likikushika hilo, unahesabu miaka, si miezi. Wakili hakuwa naye.

Mlalamikaji alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Wanaishi nyumba moja. Alitaka baraza analoshonea yule mama ili aweke mashine yake, na siku moja akaitoa cherehani nje, mvua ikainyeshea.

Alipanda kizimbani akala kiapo. Nikasimama kati yake na hakimu, daftari mkononi. Tukaanza, sentensi moja moja. Yeye anasema, mimi nageuza, hakimu anaandika kwa mkono, polepole, tena kwa mwandiko mzuri. Akirefusha, namwinulia kiganja anyamaze.

"Akatoka ndani amefura," akasema.

Nikageuza.

"Akanishika ukosi wa shati."

Nikageuza.

"Akaniambia, 'Shemeji, ukiitoa tena cherehani yangu nje, utakiona cha mtema kuni.'"

Watu walioketi nyuma wakaangua kicheko. Hata askari alicheka. Hakimu hakucheka, kwa sababu alikuwa hajasikia. Kalamu ilikuwa juu.

Na mimi nikaliangalia daftari langu.

Ndugu wasomaji, ninyi mmeshaambiwa maneno hayo. Mmeambiwa na mama zenu mkiwa mmevunja chungu, mmeambiwa na walimu, na walimu wenyewe ni sisi. Mnajua maana yake kabisa. Haya, geuzeni.

Ukiligeuza neno kwa neno, unapata: utakiona kile cha mkata kuni. Kwa lugha ya mahakama sentensi hiyo haitishi wala haichekeshi. Hakimu wa rufaa akiisoma miaka miwili baadaye atauliza huyu mkata kuni ni nani na kwa nini hakuitwa kutoa ushahidi.

Ukisema "utajuta", umelainisha. Kujuta ni mambo ya moyoni, mtu anajuta amelala kitandani kwake. Cha mtema kuni si cha kitandani.

Ukisema "nitakuumiza", umempa yule mama kosa ambalo hakulitamka. Yeye hakusema atafanya nini. Hakusema hata kwamba ni yeye atakayefanya. Kiswahili kimeficha hicho "cha" chenyewe, kimemwachia msikilizaji ajaze. Mtoto anajaza kandambili. Mwingine anajaza jeneza.

Palikuwa na njia moja iliyo halali. Kuinua mkono na kusema: "Mkalimani anaiarifu mahakama kwamba shahidi ametumia msemo usio na kisawe katika lugha ya mahakama. Mkalimani anaomba ruhusa atoe tafsiri ya neno kwa neno, kisha maelezo." Basi. Nusu dakika.

Nikamwona Mzee Mihuri kwenye meza yake, ananitikisia kichwa: thubutu.

"Mkalimani?" hakimu akaniita. "Tunasubiri."

Hapo ndipo ninapowaungamia. Kulikuwa na kitu ambacho sikuwaambia katika wiki zote hizi. Niliwaambia mume wangu alikuwa mkali, basi, nikapita. Usiku wa mwisho nyumbani kwake aliniambia, kwa upole kabisa, akiwa anavua saa, "Leo utakiona cha mtema kuni." Na nilikiona. Mkono wangu wa kushoto mpaka leo haupandi juu ya bega.

Kwa hiyo aliposema fundi wa kuchomelea, sikusikia sauti ya mama anayegombea cherehani. Nilisikia saa ikiwekwa mezani.

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, kwa lugha ya mahakama, maneno ambayo ukiyarudisha kwa Kiswahili ni haya: "Ukiitoa tena cherehani yangu nje, nitakumaliza."

Kalamu ikashuka. Hakimu akaandika.

Mwendesha mashtaka akanitazama. Ni kijana mtanashati, viatu vyake vinang'aa kuliko kesi zake. Alijua. Alikuwa amesikia Kiswahili na alikuwa amesikia nilichokigeuza, na tofauti ya mambo hayo mawili ilikuwa imemrukia mikononi bila jasho.

"Sina swali zaidi kwa shahidi huyu, mheshimiwa," akasema haraka. Nilimwona akiandika kitu na kukipigia mstari chini mara mbili.

Sasa subirini, maana shimo lenyewe bado.

Mahakamani kwetu, shahidi akimaliza, hakimu anamsomea alichokiandika ili athibitishe na kusaini. Anamsomea kwa lugha ya mahakama. Nani anarudisha kwa Kiswahili? Mkalimani. Yule yule.

Mmeona mpango ulivyo? Kosa langu mwenyewe linarudi kwenye mdomo wangu mwenyewe, nilikague mimi, nilipitishe mimi.

Hakimu akasoma. Nikarudisha. Ametoka ndani amefura, sawa. Amemshika ukosi, sawa. Tukafika pale.

Nikisoma kilichoandikwa, nitasema "nitakumaliza" kwa Kiswahili, mbele ya mama wa watu, na yeye atapiga yowe kizimbani: nani kasema hivyo? Nitaumbuka, na Ijumaa ni keshokutwa.

Nikasema, kwa sauti safi ya mwalimu: "Ukiitoa tena cherehani yangu nje, utakiona cha mtema kuni."

"Ndivyo," akasema shemeji mtu. "Ndivyo hasa alivyosema."

Akasaini.

Kwenye karatasi yule mama alikuwa ametishia kuua. Hewani alikuwa amegomba. Na wote mle ndani wanaojua lugha zote mbili walikuwa wamesikia na wamenyamaza, kila mmoja kwa sababu zake. Mimi zangu mnazijua.

Hakimu akaahirisha kwa robo saa.

Nilitoka kwenda kunywa maji kwenye ujia. Mshtakiwa alikuwa amekalishwa kwenye benchi, yule askari wa mlangoni pembeni yake. Mkalimani haruhusiwi kuzungumza na upande wowote, hata kuhusu hali ya hewa. Nikainamisha uso nipite.

"Mwanangu," akaniita.

Nikasimama. Miguu ilikosa adabu.

"Asante, mwanangu. Nimekusikia ulivyosoma mle ndani. Umeyasema maneno yangu vile vile nilivyoyasema. Wiki tatu nilikuwa naomba, wasije wakaniongezea chumvi. Mungu akuzidishie."

Nilitikisa kichwa, nikaenda chooni, nikafungulia bomba ili kilio changu kisisikike. Nililia kwa hasira, na nyingi ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Mtu unamsukumia jela, anakuombea dua.

Nilipotoka nikamkuta Mzee Mihuri anamenya chungwa.

"Mzee, nimekosea tafsiri. Nataka kusahihisha."

"Nimesikia ulivyokosea. Kaa kimya."

"Kumbe ulisikia!"

"Mwalimu, nina miaka thelathini humu. Nimesikia mengi." Akakata kipande cha chungwa. "Ukisahihisha, umekiri kwamba ulikosea. Ukikiri, na zile kesi zako zingine tisa zinaulizwa. Ukikaa kimya, hakuna aliyekosea. Yule mama atajitetea, zamu yake itafika."

"Atajitetea dhidi ya maneno asiyojua kwamba kayasema?"

Akatafuna chungwa lake. Akaninyooshea kipande. Nikakikataa, nikarudi ndani.

Hakimu alipoketi, niliinua mkono wa kulia, ule unaopanda.

"Mheshimiwa, mkalimani anaomba kusahihisha kumbukumbu. Tafsiri ya maneno yanayodaiwa kusemwa na mshtakiwa haikuwa sahihi. Shahidi alitumia msemo. Mkalimani alipaswa kuiarifu mahakama na hakufanya hivyo."

Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshasimama. "Napinga, mheshimiwa! Kabla ya mapumziko mkalimani alikuwa na uhakika. Shahidi amesomewa, amesaini. Sasa baada ya mapumziko uhakika umepotea. Naomba tujue huko nje alizungumza na nani."

"Sikuzungumza na mtu," nikasema, nikasahau hata kujiita mkalimani.

"Mheshimiwa," askari akadakia kutoka mlangoni, kwa Kiswahili, bila kuulizwa, "mimi nilikuwepo. Mshtakiwa alimshukuru."

Kalamu juu. Hakimu ananitazama. Na mimi, kwa kiapo changu, ilinibidi nigeuze: "Mimi nilikuwepo. Mshtakiwa alimshukuru."

Hakuna aliyecheka, ingawa ningekuwa ninyi ningecheka. Nilikuwa nimejitolea ushahidi kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kwa tafsiri sahihi.

"Alikushukuru kwa nini?" hakimu akauliza.

"Kwa kumsomea shahidi maneno yenyewe, mheshimiwa. Alidhani ndiyo yaliyoandikwa."

Hakimu akaangalia karatasi yake. Akaisoma ile sentensi, midomo ikicheza. Kisha akafanya jambo ambalo Mzee Mihuri anasema hakuliona kwa miaka thelathini.

"Mkalimani akitaka kunieleza maana ya maneno, huyo si mkalimani tena, ni shahidi. Aapishwe. Karani mkuu atakalimani kwa muda, naye aapishwe."

Mzee Mihuri akaweka chungwa chini.

Nikapanda kizimbani. Kizimba hicho nilikuwa nimekitazama kwa siku tatu kutokea nje, sikujua ubao wake umelegea. Nikala kiapo: kweli, kweli tupu. Nilijibu kwa lugha ya mahakama, na Mzee Mihuri akamgeuzia mshtakiwa kwa Kiswahili kikavu kama karatasi.

"Neno kwa neno, msemo huo unasemaje?" hakimu akauliza.

"Utakiona cha mkata kuni, mheshimiwa."

"Mkata kuni yupi?"

"Hajulikani."

"Aliona nini?"

"Lugha haisemi, mheshimiwa."

"Kwa hiyo mtu anatishiwa kitu kisichojulikana, kilichompata mtu asiyejulikana."

"Ndiyo, mheshimiwa. Na kila anayeambiwa anaelewa."

Hakimu akaandika hayo yote. Nadhani aliyafurahia, maana mwandiko ulikolea.

"Ni tishio la kuua?"

"Ni onyo la jambo baya. Mama humwambia mtoto, na mtoto hafi. Ukubwa wake haumo ndani ya maneno. Unategemea nani anasema, anamwambia nani, na desturi yake ni ipi."

"Basi kwa nini uliniambia 'nitakumaliza'?"

"Nilikosea, mheshimiwa."

Ilikuwa kweli. Haikuwa kweli yote, lakini hakuuliza zaidi. Akageukia upande wa mashtaka.

Mwendesha mashtaka alipepesa karatasi zake. Alikuwa amenuna. Kesi yake ilikuwa inamponyoka, na hakujua ashike wapi. "Sina swali," akasema.

Ndugu zangu, nilipumua. Nilimwona yule mama anarudi kwa binti zake kabla ya Jumapili. Nilijiona mimi nauza vocha, sawa, lakini nauza nikiwa na usingizi.

"Mshtakiwa," hakimu akasema, "ni haki yako pia kumuuliza shahidi huyu. Una swali?"

Sema huna, mama. Nilimwomba kwa macho. Sema huna, kaa chini, umeshapona.

Mama akasimama. Akajiweka sawa kitenge, uso umeng'aa. Alikuwa ameona mwanya wa kummalizia shemeji yake palepale.

"Ninalo moja tu, mheshimiwa. Namuuliza huyu binti, maana ni msema kweli, nimemwona." Akanigeukia. "Mwanangu, na wewe ni mtu mzima, umezaliwa, umelelewa, umeolewa. Hebu waambie hawa. Wewe mwenyewe hujawahi kuambiwa utakiona cha mtema kuni? Na ulipoambiwa, ulifanywa nini? Si huyo hapo umesimama mzima?"

Watu wakacheka nyuma, kicheko kizuri cha kumuunga mkono. Na yeye akatabasamu, akakunja mikono, akisubiri nimwokoe.

Nililisikia swali, na nililielewa lote. Lakini kwa utaratibu nilikuwa sijaulizwa kitu bado, mpaka Mzee Mihuri aligeuze. Nikamtazama. Mzee, kwa hisani yako, kosea. Punguza nusu yake. Sema kauliza kama nimewahi kuambiwa, ishia hapo.

Mzee Mihuri alikohoa, akaligeuza lote. Hakuongeza, hakupunguza, hakupamba.

Mwendesha mashtaka akainua kichwa. Sijui ni kitu gani alikiona kwangu. Ila alishusha macho taratibu, kutoka usoni, mpaka kwenye bega langu la kushoto, akachukua kalamu.

Hakimu akafungua ukurasa mpya.

"Shahidi yuko chini ya kiapo," akasema. "Ajibu."